Maswali ya simuni na kitabu cha fotokopi: nilivyojiandaa kwa leseni nikiwa Kigoma

Nilipoanza kujifunza gari hapa Kigoma nilikuwa na vitu viwili vya kusomea. Kimoja ni aplikesheni ya bure niliyoipakua Play Store, yenye maswali ya kuchagua jibu na picha za rangi. Kingine ni kijitabu cha kanuni na alama za barabarani tulichouziwa steshenari jirani na darasa letu. Hakikuwa kitabu chenyewe. Kilikuwa fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine, na kurasa za mwisho zilikuwa zimepinda kiasi kwamba maneno ya pembeni yamekatwa.

Darasani watu walikuwa wamegawanyika. Vijana wa bodaboda wa Ujiji walikuwa upande wa simu. Ukiwakuta wanasubiri zamu ya gari, kila mmoja kainamia kioo anashindania alama na mwenzake. Mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi hakutaka hata kuiona hiyo simu. Alikuwa na kijitabu chake amekifunga kwenye mfuko wa nailoni, na anakisoma tangu ukurasa wa kwanza kama anayesoma Juzuu. Mimi nilitumia vyote viwili, na kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba vitu hivi viwili havifanyi kazi moja. Simu inajua kuuliza. Kitabu kinajua sheria ya hapa. Ukimpa mmoja kazi ya mwenzake ndipo unapopotea.

Nianze na simu, kwa sababu ndiyo watu wengi wanayoanza nayo.

Aplikesheni nyingi za bure za maswali ya udereva hazikutengenezwa kwa ajili ya Tanzania. Ukitafuta kwa Kiingereza, zinazojaa kwenye orodha ni za Uingereza na za Marekani, kwa sababu huko mtihani wa nadharia unafanywa na watu wengi sana na maswali yake yanajulikana. Hilo si kosa la aliyezitengeneza. Kaandika kwa watu wa kwao. Tatizo ni kwamba programu yenyewe haikwambii. Unafungua, inakukaribisha, inakuuliza swali la kwanza, ukipata inakuwekea tiki ya kijani. Ile tiki inakufanya uamini umejua sheria, kumbe umejua sheria ya California.

Kuna njia ya haraka ya kujua umeshika programu ya wapi kabla hujapoteza usiku wako. Tazama usukani kwenye picha za ndani ya gari: ukiwa upande wa kushoto, hiyo ni nchi inayoendesha kulia, na majibu yake mengi ya njia panda yatakuwa kinyume na kwetu. Tazama vipimo vya mwendo: ukiona mph, hizo ni maili kwa saa, na utakuwa Uingereza au Marekani. Tazama alama za kuonya: zikiwa za njano zenye umbo la almasi, ni Marekani au nchi zilizofuata mtindo wao, zikiwa pembetatu yenye ukingo mwekundu, uko karibu na mfumo wetu. Mwisho soma maelezo yanayotokea ukikosea. Yakitaja DMV, ni Marekani. Yakitaja Highway Code, ni Uingereza.

Ya Uingereza ndiyo inayotufaa zaidi, kwa sababu wanaendesha kushoto kama sisi na umbo la alama zao linafanana na letu kwa sehemu kubwa. Lakini hata hiyo ina kasoro yake. Ukikosea swali la kipilefti inakwambia rejea Rule 185. Ni kanuni ya kweli, iko kwenye kitabu chao, na inasema umpishe anayekuja kutoka kulia. Ila ukifungua kijitabu chetu kutafuta namba 185 utatafuta mpaka kesho. Nilimwona kijana mmoja akipekua kurasa mbele na nyuma akilalamika kwamba kopi yake imekosa kurasa. Kopi ilikuwa kamili. Namba ndiyo haikuwa ya kitabu kile.

Upande wa mwendo kasi ndipo tofauti inapouma. Programu ya Uingereza itakuuliza kikomo cha mwendo kwenye maeneo ya makazi yenye taa za barabarani, na jibu litakuwa 30. Hizo ni maili, sawa na kama kilomita 48 kwa saa. Kwetu kikomo cha maeneo ya makazi ni kilomita 50. Ukizigeuza, tofauti ni ndogo. Ukizikariri kama namba tupu, umebeba 30 kichwani. Zaidi ya hapo, wao wanaposema barabara ya kawaida ya nje ya mji ni 60 na barabara kuu zao ni 70, hakuna cha kuleta huku. Sheria yetu inayatazama magari makubwa na ya abiria peke yake: gari linalozidi uzito wa kilo 3,500 na basi la abiria yana kikomo cha kilomita 80 hata pale ambapo barabara ni nyoofu na hakuna nyumba. Hiyo hutaikuta kwenye programu ya watu wengine. Na mtu yeyote aliyepanda basi la Kasulu anakijua kibao cha 50 kinapoanza kijiji na kile chenye 50 iliyokatwa kijiji kinapoisha, ila kukijua kama abiria si sawa na kukijua kama unayeshika usukani, maana abiria huwa anakikumbuka pale tu trafiki anapoinua tochi.

Kwa hiyo kwa mwendo kasi nilifanya jambo moja: sura ile kwenye simu niliiacha kabisa. Nilisoma kitabuni tu. Si kila kitu kinastahili kuchanganywa.

Sasa niingie kwenye kipilefti, maana hapo ndipo nilipojifunza namna ya kulitumia swali la kigeni bila kulitupa.

Dada yangu mdogo, ambaye naye alikuwa anajifunza, alikuwa na programu ya Kimarekani. Swali lilikuwa na picha iliyopigwa kutoka juu: gari letu linakaribia mzunguko kutoka chini ya picha, na gari jingine liko tayari ndani ya mzunguko, linakuja kutoka kushoto kwetu. Nani apite kwanza? Jibu sahihi la programu lilikuwa yule wa kushoto. Dada akafungua kitabu, kitabu kikasema mpishe anayetoka kulia. Akaniletea vyote viwili akasema, "Da'mkubwa, kimojawapo hapa kinanidanganya."

Hakuna kilichokuwa kinadanganya. Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo kwenye mzunguko wanazunguka kinyume na mshale wa saa, na aliye ndani anakutokea kushoto. Sisi tunaendesha kushoto, tunazunguka kama mshale wa saa, na aliye ndani anakutokea kulia. Ukiyatazama majibu yote mawili kwa pamoja unaona kitu ambacho jibu moja peke yake halionyeshi: kanuni ina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kwamba aliye ndani ya mzunguko ana haki ya kupita, na anayeingia anasubiri. Hiyo haibadiliki ukivuka mpaka. Sehemu ya pili ni upande anaotokea, na hiyo inategemea nchi inaendesha upande gani. Kwenye daftari letu tuliandika hivi: "Aliye ndani apite. Kwetu anatoka kulia."

Tulipoona hivyo tukajaribu kulisoma kila swali la Kimarekani kama tunavyoona picha kwenye kioo, yaani kushoto kwao iwe kulia kwetu. Kwa muda ilifanya kazi vizuri mno. Kwao kona ngumu ni ya kushoto, kwa sababu unakata mbele ya magari yanayokuja. Kwetu kona hiyo ngumu ni ya kulia, kwa sababu ile ile. Kwao unalipita gari kwa upande wa kushoto; kwetu unalipita kwa kulia. Ukiwa unaelewa ni kwa nini, unageuza tu.

Halafu likaja swali la taa nyekundu. Programu ilisema kwamba ukifika kwenye taa nyekundu, ukasimama kabisa, ukaona hakuna gari wala mtu, unaweza kupinda kulia ingawa taa bado ni nyekundu, labda kama kibao kinakataza. Ukiigeuza kwa kioo inakuwa: simama, angalia, kisha pinda kushoto kwenye taa nyekundu. Inasikika sawa kabisa, na ni kosa. Kwetu taa nyekundu ni kusimama mpaka ibadilike, au mpaka uone mshale wa kijani wa upande wako. Kwa nini kioo kilikubali kwenye kipilefti kikakataa hapa? Kwa sababu kanuni ya kipilefti imetokana na jinsi magari yanavyokutana barabarani, na hayo ukiyahamisha upande yanageuka pamoja na barabara. Kupinda kwenye taa nyekundu hakutokani na hilo. Ni ruhusa ambayo serikali ya kwao imeitoa, na ruhusa haigeuki kwa kioo. Ama ipo kwenye sheria ya nchi yako ama haipo.

Tangu hapo tulikuwa tunaliuliza kila swali geni: hili linahusu magari yanavyokutana, au linahusu mtu karuhusiwa ama kakatazwa nini? La kwanza tuligeuza, kisha tukalithibitisha kitabuni. La pili hatukuligeuza kabisa. Tulitafuta kitabuni, na tusipoliona tuliliacha. Swali la basi la shule la njano lililosimama likiwasha taa nyekundu, ambalo Wamarekani wanalirudia sana, lilikwenda huko. Ni sheria nzito kwao, na magari yanasimama mpaka pande zote mbili za barabara katika hali nyingi. Kitabuni kwetu hatukuona kitu cha namna hiyo, tukaliacha.

Niseme hapa kwamba kwa mtu wa Kigoma ile programu ya nchi zinazoendesha kulia si takataka moja kwa moja. Burundi wanaendesha kulia, Kongo wanaendesha kulia. Dereva anayevuka Manyovu na mzigo anabadilisha upande palepale mpakani, na magari yenye usukani wa kushoto tunakutana nayo hapa mjini. Lakini hayo ni ya kusoma baada ya leseni. Kuyasoma pamoja na yetu, wiki hiyo hiyo, ni kujichanganyia tu.

Nirudi kwenye kitabu, maana nacho kina ugonjwa wake, na ugonjwa wa kopi yetu ulikuwa rangi.

Alama za barabarani zinasomeka kwa umbo na kwa rangi. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inakuonya. Duara lenye ukingo mwekundu linakukataza. Duara la bluu linakuamuru. Sasa chukua duara la kukataza baiskeli na duara la bluu la njia ya baiskeli, uzipige fotokopi. Kopi ya kwanza bado unaweza kuzitofautisha ukiwa makini: lile la kukataza linabaki jeupe katikati, mchoro mweusi, ukingo wenye kijivu; lile la bluu linakuwa duara lililojaa weusi na mchoro mweupe. Kopi ya kopi inaanza kumeza. Kufikia ile tuliyouziwa sisi, nusu ya maduara yalikuwa madoa tu, na maandishi ya chini ndiyo yaliyokuwa yanakwambia unatazama nini. Mtu anayesoma hivyo anakariri maandishi, wala si alama. Siku akionyeshwa alama tupu isiyo na maandishi chini yake, hana pa kushika.

Mama wa dagaa alikuwa amefika hapo. Alijua kitabu chote kwa mpangilio wake. Ukimwambia "alama za amri" anakutajia zote kama zilivyofuatana. Ukimwonyesha moja nje ya mpangilio, anafunga macho kidogo, unaona kabisa kwamba anazihesabu kuanzia juu ya ukurasa.

Hapa simu ndiyo iliyookoa, na kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Binti yake alileta kalamu za rangi za shule. Tukakaa na kopi zetu, tukafungua sehemu ya alama kwenye programu ya Uingereza, tukaanza kupaka: ukingo huu mwekundu, duara hili bluu. Kazi ilikuwa ya polepole, kwa sababu kila alama ulilazimika kuisoma kitabuni, kuitafuta simuni, na kuamua kama ni ile ile. Na si zote zilikuwa zile zile. Kwa mfano alama ya Waingereza ya kukataza baiskeli haina mstari wa kukata. Ni duara jekundu na baiskeli ndani yake basi, na mgeni anaweza kudhani baiskeli zinakaribishwa. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba simuni tunachukua rangi ya jamii ya alama tu, yaani onyo, katazo au amri. Mchoro wa ndani tuliufuata wa kitabu. Ambapo kitabu kilikuwa doa kabisa, tulikwenda kuangalia chati ya ukutani darasani kabla ya kupaka.

Alama mbili hazikuhitaji kalamu. Ile ya pembe nane ya kusimama, na pembetatu iliyopinduliwa ya kutoa nafasi. Zimepewa umbo lisilofanana na nyingine yoyote, kwa hiyo hata kopi mbovu haiziui, na hata kibao kikiwa kimefunikwa na vumbi jekundu la njia ya vijijini bado unaijua kwa umbo lake. Ila maana zake watu wanazichanganya mno, na hapa maswali ya simu yalikuwa na msaada kuliko kitabu. Kitabu kinazitaja kila moja kwenye sehemu yake, unasoma unaelewa unaendelea. Simu inakuwekea zote mbili kwenye majibu manne na kukulazimisha utofautishe: kwenye pembe nane magurudumu lazima yasimame kabisa, hata kama barabara ni tupu na unaona mpaka mbali, kwenye pembetatu iliyopinduliwa unapunguza, na kama hakuna wa kumpisha unaweza kuingia bila kusimama. Ukikosea hilo mara moja simuni, hulisahau.

Sasa niseme juu ya alama unazozipata kwenye simu, zile za asilimia. Zinapanda haraka, na si kwa sababu umeelewa. Programu ya bure huwa na maswali ya idadi fulani, na ukizunguka mara chache yanaanza kujirudia. Unaanza kulijua swali kwa picha yake. Dalili ni hii: kidole kinakwenda kwenye jibu kabla hujamaliza kusoma swali. Dalili nyingine ni kwamba unaweza kupata hata swali ambalo hulielewi, kwa sababu majibu matatu mengine ni ya kipuuzi ("ongeza mwendo na upige honi"), au kwa sababu jibu sahihi ndilo refu kuliko yote.

Mwalimu wetu aliligundua hilo mapema. Alimwita kijana mmoja wa bodaboda, bingwa wa alama za simuni, akamwambia, "Unakaribia kipilefti, unataka kutoka upande wa kulia. Nieleze unafanyaje."

Kijana akasema, "Nipe machaguo, mwalimu."

"Sina machaguo. Shika chaki, chora."

Akachora mzunguko vizuri, akaweka gari, kisha akakwama. Alijua ampishe nani. Hakujua akae njia ipi, wala taa ya kuonyesha ataiwasha lini. Hayo hakuwahi kuulizwa kwa mpangilio. Alikuwa ameulizwa kipande kipande. Mwalimu akamtembeza: ukikaribia, washa taa ya kulia na ukae upande wa kulia wa njia yako, mpishe aliye ndani, ingia uzunguke kwa kushoto ukifuata mshale wa saa, ukishapita njia inayotangulia ile unayotaka, badilisha taa iwe ya kushoto, tazama kioo cha kushoto na pembeni, ndipo utoke. Ni hatua zinazofuatana, na kufuatana huko ndiko ambako kitabu kinakueleza kwa aya nzima na simu haikuelezi.

Baada ya siku ile nilibadilisha namna ya kutumia simu. Swali likitokea naweka kiganja juu ya majibu. Nalisoma, nalitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti, kisha nalijibu kwa mdomo kana kwamba mwalimu yuko mbele yangu. Ndipo naondoa kiganja. Kama jibu langu limo, vizuri. Kama nilichosema hakifanani na jibu lolote, hata kama nikiyaona majibu nalijua la kuchagua, nalihesabu kuwa nimekosa. Alama zangu zilishuka vibaya. Lakini zile zilizobaki zilikuwa za kweli.

Kila nililokosa liliingia kwenye daftari, na sikuandika jibu la simu. Niliandika swali tu, nikaacha nafasi. Kesho yake asubuhi, simu ikiwa mbali, nilifungua kitabu na kutafuta jibu humo. Nikilipata, naliandika kwa maneno yangu na namba ya ukurasa. Nikilikuta linapingana na simu, naandika upande wa pembeni "la kwao". Nisipolikuta kabisa, namuuliza mwalimu. Kulala kati ya swali na jibu kunasumbua, kwa sababu unataka kujua sasa hivi, lakini faida yake ni kwamba unafungua kitabu ukiwa unatafuta kitu. Kijitabu kile kile nilichokuwa nasinzia nacho kikawa kinasomeka. Mama wa dagaa, ambaye hakuwa na simu ya kupangusa, alipata huduma hiyo kwa binti yake: binti anamsomea swali kwa Kiswahili, mama anajibu kwa mdomo, kisha anapekua.

Matangazo nayo yanachosha. Programu ya bure inaishi kwa matangazo, na kila baada ya maswali machache linaruka tangazo la mchezo wenye kelele. Baadhi ya hizo programu zinafanya kazi hata ukizima data, na ukizima data matangazo mengi hayaji, na bando lako linapona. Ijaribu kabla hujaamua.

Niliposhapata leseni, shemeji yangu mwenye pikipiki akaniomba daftari. Nilimpa, ila nikamwambia asilichukue zima. Maswali ya programu zetu yalikuwa ya gari dogo, na yeye hakuwa anaombea daraja D nililoombea mimi. Kwanza ilibidi ajue daraja lake lenyewe, jambo ambalo hakuna programu ya Uingereza itakayomweleza: pikipiki isiyozidi cc 125 ni A1, na inayozidi hapo ni A. Yake ilikuwa ya cc 150, na alikuwa amekwenda kujiandikisha kwa A1 kwa sababu rafiki yake wa kijiweni ndivyo alivyofanya. Rafiki ana ya cc 125.

Tukapitia daftari pamoja tukafuta yasiyomhusu: mikanda, kuegesha kinyumenyume, umbali wa kusimama wa gari. Kipilefti tukakiacha chote. Alama zote tukaziacha. Kofia ngumu, yake na ya abiria wake, tukaiongeza kutoka kitabuni, kwa sababu kwenye programu ya magari haikuwahi kuulizwa hata mara moja. Halafu akapakua programu ya maswali ya pikipiki, akaifungua mbele yangu, na kabla hajajibu swali la kwanza akaikuza picha kwa vidole viwili kutazama pikipiki ile imekaa upande gani wa barabara. Ilikuwa kulia. Akaifuta, akatafuta nyingine.